Mshahara Uliosogezwa

Neno "faida" likitajwa mbele yangu, mpaka leo namtazama kwanza usoni aliyelitaja. Kaka yangu alilitaja kila asubuhi mwaka ule, amesimama mlangoni pa dobi letu na kikombe chake cha chai ya karak mkononi, utadhani anatoa salamu. Tuna faida, mdogo wangu. Tuna faida, alhamdulillahi. Na mimi nyuma yake nimeshika simu, mwenye sabuni ananiuliza pesa zake nampa lini.

Dobi letu liko Deira, huku kwa Waarabu, nyuma ya mtaa wa Al Rigga, karibu na hoteli ndogondogo ambazo mgeni hulala siku tatu akanunua nguo za jumla akaondoka. Tunafua mashuka, taulo na vitambaa vya meza. Tulilianzisha sisi wawili, ndugu wa tumbo moja kutoka Mombasa, yeye kwa mdomo wake na mimi kwa sahihi yangu. Mdomo wake ndio ulioleta wateja, hilo simnyimi. Kaka angeweza kumuuzia samaki maji. Lakini sahihi yangu ndiyo iliyokaa kwenye cheki za kodi ya jengo. Mwenye jengo wa mji huu hataki kusikia inshallah. Siku ya kufunga mkataba unampa cheki nne za mwaka mzima, kila moja na tarehe yake ya mbele, anazifungia kabatini, na tarehe ikifika anaipeleka benki. Ikirudi kwa kukosa pesa, haitwi kaka. Naitwa mimi.

Wafanyakazi wetu walikuwa watano, wote watu wa kwetu. Wawili wa Mombasa, mmoja Mganda, mmoja wa Unguja, na mama mmoja wa Muheza aliyesimamia mashine ya kupigia mashuka pasi. Kaka alipenda sana kusema hivyo kwa wageni: hapa hatuna wafanyakazi, hapa tuna watu wetu. Mimi nilikuwa nikilipenda neno hilo pia, kabla sijaona linafanya kazi gani.

Yule mama wa Muheza alikuwa amenizidi umri, lakini aliniita dada, na mimi nikimwita mama. Binti yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi Tanga, kundi linaloingia mwezi wa tatu. Alinionyesha barua ya chuo kwenye simu, akaikuza kwa vidole viwili ili nione jina la mtoto, kisha akaikuza tena nione ada. Ilitakiwa ilipwe kabla chuo hakijafungua katikati ya mwezi. Mshahara wa mwezi wa pili, ambao hulipwa mwezi wa tatu ukianza, ndio uliokuwa ukamilishe ada hiyo. Alinieleza mara moja tu, wala hakuniomba kitu. Aliniambia kwa furaha, kama mtu anavyoeleza habari ya harusi.

Sasa nieleze pesa zilivyokuwa, maana bila hilo hasira zangu zitaonekana za bure.

Kila mwezi tulikuwa tukiandika ankara za dirham elfu sitini hivi. Gharama zilikuwa arubaini na nane: mishahara ishirini na mbili, umeme, maji, gesi na sabuni kumi na tatu, kodi ya jengo kumi na mbili ukiigawa kwa miezi, na elfu moja ya uchakavu wa ile mashine ya pasi. Zinabaki kumi na mbili. Hiyo ndiyo faida ya kaka, na haikuwa uongo. Mtu akikuambia dobi lile lilikuwa la hasara, mwambie hajui hesabu.

Ila hoteli hazilipi siku zinapopokea mashuka. Zinalipa baada ya siku tisini, na nyingine zinakupa cheki leo yenye tarehe ya miezi mitatu mbele. Wewe umeshafua, umeshalipa umeme, umeshalipa watu. Unabaki na karatasi nzuri yenye muhuri. Na ile mashine, ambayo kwenye hesabu ya faida inaonekana elfu moja tu kwa mwezi, tuliinunua kwa elfu sitini taslimu, zikatoka siku moja. Kisha kaka akaona hesabu ya mwaka imeandikwa faida, akachota akapeleka Mombasa kuinua ghorofa ya Mama. Ghorofa ni jambo jema, nani atakataa. Lakini alichota pesa kwa kutazama karatasi ya faida, hakutazama benki. Faida yetu wakati ule ilikuwa imekaa kwenye mifuko ya hoteli, inasubiri siku zake tisini.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, Ramadhani imeshaanza na hoteli zimepoa, nilimlazimisha twende Oud Metha kwa mhasibu wetu. Ni mama wa Kiunguja, familia yao iko huku tangu zamani, ana chumba kimoja juu ya kliniki ya meno. Tulikuwa tumefunga sote, na mlio wa mashine ya daktari ulipanda kupitia sakafu. Kaka alifika na karatasi aliyoitengeneza mwenyewe, makadirio ya pesa za miezi mitatu inayokuja. Aliifanya vizuri, mistari imenyooka, rangi ya kijani juu.

"Usinisomee kutoka juu," yule mama akamwambia. "Juu kuna matumaini. Anza mstari wa mwisho."

Akatufundisha kusoma kama anayefundisha watoto juzuu. Mwezi unaanza na kilichomo benki. Unaongeza pesa zitakazoingia kweli mwezi huo. Unatoa zitakazotoka kweli mwezi huo. Kinachobaki ndicho mstari wa mwisho, na huo ndio unaokuwa mwanzo wa mwezi unaofuata. Uchakavu wa mashine haumo, maana hakuna mtu anayekuja mlangoni kudai uchakavu. Kodi ya jengo haiandikwi kumi na mbili kila mwezi. Inaandikwa thelathini na sita, nzima, mwezi ambao cheki inaiva.

Mwezi wa tatu wa kaka ulikuwa hivi. Tunaanza na elfu tisa. Zinaingia sitini na tatu. Zinatoka sabini na moja: mishahara ishirini na mbili, umeme na sabuni kumi na tatu, cheki ya mwenye jengo thelathini na sita. Mwisho kunabaki elfu moja. Kaka akaegemea kiti akanitazama kwa jicho la nilikwambia.

"Sitini na tatu hizi," yule mama akauliza, "zote zimo?"

"Zimo. Cheki ninazo kwenye droo."

"Nioneshe tarehe."

Moja ya cheki zile, ya elfu ishirini na mbili, ilikuwa ya mwezi wa tano. Kaka alikuwa ameiandika mwezi wa tatu kwa sababu ameipata mapema na iko mkononi mwake. Ni kosa la mji huu. Watu wetu huku wamezoea kuhesabu cheki kama noti. Mtu anakwambia ana pesa, ukimchimba anazo karatasi tano za tarehe za mbele. Yule mama aliitoa elfu ishirini na mbili kwenye mwezi wa tatu akaipeleka mwezi wa tano. Mstari wa mwisho ukashuka hadi ishirini na moja elfu chini ya sifuri. Aliuandika kwa wino mwekundu.

"Lakini tuna faida," kaka akasema.

"Mnayo," yule mama akamjibu. "Na cheki ya mwenye jengo itarudi nayo hivyo hivyo."

Nilidhani tumeelewana. Wallahi nilidhani tumetoka pale watu wawili wenye shida moja.

Siku ya pili kaka alikuja na karatasi mpya. Mstari wa mwisho wa mwezi wa tatu ulikuwa umerudi kuwa elfu moja, kijani kibichi. Nikaanza kutafuta kilichoingia. Hakikuingia kitu. Nikapanda juu kidogo, nikaona kwenye mstari wa mishahara, mwezi wa tatu, kaka ameweka sifuri, na mwezi wa nne ameweka arubaini na nne.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimesogeza. Watatuelewa. Ni watu wetu."

Niliiweka ile karatasi chini. Mwenye jengo si mtu wetu, kwa hivyo atalipwa siku yake. Kampuni ya umeme si watu wetu, italipwa. Hoteli zinazotukalia siku tisini zinapigiwa simu kwa sauti ya asali, sir kwa sir. Anayesogezwa ni yule anayekula futari na sisi sahani moja. Undugu gani huo, ambao kazi yake ni kumfanya mtu awe wa mwisho kulipwa? Nilimwambia maneno hayo na mengine ambayo sitayaandika, maana ulikuwa mchana wa Ramadhani na saumu yangu nadhani iliishia hapo.

"Wewe una mkono wa birika," akaniambia. "Unaogopa biashara kukua. Nikwambie? Nimepata hoteli mpya. Kubwa. Vyumba mara mbili ya zote tulizonazo."

Akataka nifurahi. Hoteli ile pia inalipa baada ya siku tisini. Ili kuihudumia tunahitaji watu wawili zaidi, na visa zao zinalipwa kabla hawajashika hata taulo moja. Tunahitaji vitoroli, sabuni mara mbili, umeme mara mbili. Nilichukua kalamu nikaviandika kwenye karatasi yake mwenyewe: vya kutoka mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Cha kuingia, mwezi wa sita. Kwenye hesabu ya faida mkataba ule ungemfanya kaka acheze chakacha. Kwenye ile karatasi nyingine ulichimba shimo likazidi kuwa refu. Kila shuka jipya tungelifua kwa pesa ambazo hatuna, na kadiri tunavyofua ndivyo tunavyokwisha.

"Na hizo visa utazipata wapi?" nikamuuliza. "Mishahara inapita benki, serikali inaiona. Ukichelewesha watazuia vibali vipya. Unawanyima watano ili uajiri wawili usioweza kuwaajiri."

Alisema inshallah. Neno la Mungu hilo, lakini kinywani mwa kaka wakati ule lilimaanisha nyamaza.

Nilimpelekea yule mama wa Oud Metha karatasi ya kaka. Aliitazama mishahara iliyosogezwa, akavua miwani. Kisha akaniandikia mwezi wa nne, pole pole, nione. Tunaanza na elfu moja. Zinaingia hamsini. Inatoka mishahara ya miezi miwili arubaini na nne, umeme na sabuni kumi na tatu, na kodi ya serikali elfu saba, ambayo tunadaiwa kwa ankara tulizoandika hata kama hoteli hazijatulipa. Mwisho ni kumi na tatu elfu chini ya sifuri.

"Kakako hajaziba shimo, mwanangu. Amelihamisha tu, na amewatia watu ndani yake."

Mwezi wa tatu ulianza na hakuna aliyelipwa. Ikabidi niseme mimi, maana kaka ghafla alikuwa na safari ya Hatta kuonana na mtu mwenye nyumba za wageni milimani. Niliwakusanya kando ya mashine ya pasi. Nikawaambia mshahara utachelewa, na kwamba ninatafuta. Wale vijana wa Mombasa walikunja nyuso, wakawa na haki yao. Yule mama wa Muheza aliendelea kukunja shuka, kona kwa kona.

"Hakuna taabu, dada. Nitangoja."

Ningependa angenitukana. Nilimuuliza kuhusu ada, akasema chuo kitafungua wiki ijayo lakini atazungumza nao, ni watu waelewa. Niliondoka pale nimejaa hasira, na hasira nilikuwa nazo mimi, siyo yeye, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Nilikwenda kwenye hoteli yenye ile cheki ya mwezi wa tano. Mhasibu wao alikuwa mwanamume mpole wa kunyoosha tai, akanikalisha akaniita madam. Nikamwambia nitamrudishia cheki yake ya ishirini na mbili kama atanipa ishirini sasa. Alifurahi kama aliyeokota. Elfu mbili za bure kwa kunilipa pesa yangu mwenyewe, ya kazi iliyokwisha kufanywa, mashuka ambayo wageni wao walishayalalia na kuyachafua na sisi tukayafua tena. Nilimwambia asante. Nilisema asante, fikiria. Akasema lazima meneja asaini, njoo kesho. Kesho akasema meneja yuko mkutanoni, keshokutwa. Nilikaa kwenye kiti cha mapokezi chini ya taa kubwa ya vioo, mtu wa mlangoni akawa ananisalimia kama mpangaji.

Wakati huo cheki ya mwenye jengo iliiva, ikapita, kwa sababu mishahara ilikuwa haijatoka. Nataka hilo lieleweke. Ile cheki yenye sahihi yangu, iliyonipa homa miezi miwili, ililipwa na watu watano. Walitukopesha bila kuulizwa.

Pesa za hoteli zilitoka siku mbili kabla ya Idi. Bado zilipungua kidogo. Nikamwomba mwenye sabuni elfu mbili zake zingoje mwezi wa nne, nikamwomba kwa mdomo, akakubali kwa mdomo, na ndiyo tofauti kati ya kuomba kusubiriwa na kumsubirisha mtu. Kwenye karatasi ya yule mama wa Oud Metha mwezi wa tatu ukafunga na elfu moja, elfu moja ya kweli. Mwezi wa tano akafuta ile cheki akaandika sifuri, ili nisije nikaihesabu mara ya pili. Na hoteli mpya niliipigia mwenyewe nikawaambia: siku thelathini na malipo ya mwezi mmoja mkononi, au hapana. Wakasema hapana. Khalas, yakaisha.

Kaka alirudi toka Hatta akakuta nimetupa, kwa maneno yake, faida ya mwaka. Elfu mbili kwa hoteli ya zamani, mkataba mzima kwa hoteli mpya. Alipiga simu kwa Mama, Mama akanipigia, nikalaumiwa kwa lugha tatu.

Niliwalipa watu mkesha wa Idi, tumeshafuturu. Simu zao zililia ujumbe wa benki mmoja baada ya mwingine, pale pale kwenye mvuke, na mmoja wa wale vijana akaanza kuimba. Kaka alikuwa mlangoni na kikombe chake. Alichangamka, akaona mambo yamekwisha, akanigusa bega.

"Unaona? Kila mtu amepata chake. Wamengoja kidogo, nani amekufa?"

Yule mama wa Muheza alikuwa akiangalia simu yake. Alisoma ujumbe, akaurudia, kisha akaitia mfukoni mwa aproni na kuchukua shuka jingine. Nikamsogelea nikamwambia, mama, tuma sasa hivi, duka la kutuma pesa bado liko wazi, ada itafika leo.

"Itakuwa ya mwezi wa tisa, dada," akasema. "Wameshampa mwingine nafasi. Nilimwambia mtoto arudi nyumbani Jumatatu."

Nadhani aliona uso wangu, akataka kunipunguzia, kwa maana ndivyo alivyo, akaongeza kwa upole kabisa:

"Nyie mlikuwa na shida, mkasogeza. Na mimi nikasogeza."

Kaka alisikia. Mlango ni hatua chache tu kutoka kwenye ile mashine. Nilimgeukia, nikasubiri aniambie tena kwamba tuna faida. Alitazama chai yake. Yule mama akaingiza shuka kwenye rola, likatoka upande wa pili limenyooka, akalipokea akalikunja.